"Mtandao hakuna": upi huo?

Jumatatu saa nne na nusu asubuhi nilipigiwa simu na mama mwenye duka la steshenari jirani na soko la Mbuyuni, hapa Moshi. "Mwanangu, mtandao hakuna. Nimeshaongeza bando kwenye ruta na bado hakuna." Nikamuuliza kompyuta inaonyesha nini. "Inaonyesha waifai ipo, imeshika, halafu inaniandikia No internet. Sasa ipo au haipo?"

Swali zuri, na kosa si lake. Kosa ni la neno mtandao, ambalo tumelibebesha mizigo mitatu.

Nianze na maana kwa haraka. Kifaa chochote, simu au kompyuta, hupita hatua tatu kabla ya kufungua ukurasa. Kwanza kipewe anwani, ile namba inayoitwa IP, na kwa kawaida mgawaji wake ni ruta. Pili kiweze kuifikia ruta yenyewe. Tatu ruta iweze kutoka nje, kwenye intaneti. Neno Connected kwenye skrini halikuhakikishii zote tatu. Linakuambia tu kwamba kifaa kimekubaliwa na waifai, yaani nenosiri ni sahihi na mawimbi yanafika.

Sasa tuje kwenye neno. Mtandao limetokana na kutanda. Mawingu yakitanda, Kibo hatukioni siku nzima. Buibui naye ana utando. Mtandao, basi, ni kitu kilichotandwa, nyuzi zinazoshikana. Utando wa buibui kwenye kona ya stoo ni utando kamili hata kama hauna uzi hata mmoja unaofika kwa jirani. Vivyo hivyo kompyuta, printa na ruta za dukani vikiwasiliana tayari ni mtandao, hata bando likiwa limekwisha. Utachapisha karatasi kwa waifai bila intaneti kabisa.

Intaneti ni jambo jingine. Neno hilo lilionekana katika hati za wahandisi mwaka 1974, likiwa kifupisho cha neno lenye maana ya baina ya mitandao. Ni mitandao iliyoungwa na mitandao mingine. Kwa hiyo anayesema "mtandao upo, intaneti hakuna" hajipingi. Sisi tukayaita yote mawili mtandao, kisha tukaiita hivyo na kampuni ya simu ("wewe uko mtandao gani?"), na ndiyo maana duka likikwama mtu wa kwanza kulaumiwa ni mwenye laini.

Turudi Mbuyuni. Nilifungua lile dirisha jeusi la amri na kuandika `ipconfig`. Kwenye mistari ya waifai palikuwa na haya:

```
Autoconfiguration IPv4 Address: 169.254.83.12
Subnet Mask: 255.255.0.0
Default Gateway:
```

Ukiona namba inayoanza na 169.254, acha kulifikiria bando. Namba hiyo haikutoka kwenye ruta. Kompyuta iliomba anwani, ikasubiri, haikujibiwa, ikajipachika yenyewe namba kutoka fungu lililotengwa kwa ajili ya hali hiyo. Ni kama mgeni aliyefika gesti usiku, akakosa mtu mapokezi, akajiandikia namba ya chumba kwenye kiganja. Na tazama mstari wa Default Gateway: mtupu. Hilo ndilo lango, yaani ruta, na kompyuta hii hailijui. Haikuwa imefika hata hatua ya kwanza, sembuse intaneti. (Simu za Android hazijipachiki namba, hukaa kwenye "Obtaining IP address" kisha huachia.)

Ushahidi wa pili ulikuwa mkononi mwa mama mwenyewe. Simu yake ilikuwa inafungua kila kitu, ila aliamini inatumia bando la simu. Nikamwomba azime data ya simu abakize waifai. Ikaendelea kufungua, na anwani yake ilikuwa 192.168.1.103. Basi ruta ilikuwa nzima na intaneti ilikuwepo tangu asubuhi. Bando la pili lilinunuliwa bure.

Kwa nini basi ruta iliinyima kompyuta anwani? Niliingia kwenye ruta kwa simu yake, kupitia 192.168.1.1. Aliyeifunga aliipanga igawe anwani kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.109. Hizo ni 10 tu, na kila anayepewa anakaa nayo saa 24. Sasa pale kaunta kuna karatasi yenye nenosiri la waifai, ili wateja watume kazi zao kwa watsapu zichapishwe. Printa inashika moja, simu ya mama moja, ya binti wa dukani moja. Zilizobaki 7 zilichukuliwa na wanafunzi waliofika saa mbili. Walishaondoka zamani, lakini kwenye daftari la ruta bado wapo mpaka kesho. Kompyuta iliwashwa saa nne, ikakuta zimekwisha.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini "zima ruta uwashe" huwa inaponya. Ruta nyingi za nyumbani zikizimwa hulisahau daftari hilo, anwani zinaachiwa, kompyuta inapata yake, na mtu anasema mtandao umerudi. Haukuwa umeondoka. Nilipanua fungu lifike 192.168.1.200 na kupunguza muda kuwa saa 2. Nikaandika `ipconfig /renew`, kompyuta ikapata 192.168.1.110 na lango 192.168.1.1.

Kifaa kikishakuwa na anwani ya kweli, hatua zinazobaki hupimwa kwa mpangilio huu:

```
ping 192.168.1.1
ping 8.8.8.8
ping google.com
```

Ya kwanza inabisha hodi kwenye ruta. Ya pili inavuka ruta hadi nje. Ya tatu inakwenda nje pia, ila kwa jina badala ya namba. Ya tatu ikikwama huku ya pili imejibu, intaneti ipo na kilichoharibika ni kile kinachogeuza majina kuwa namba. Ya kwanza ikijibu na ya pili isijibu, hapo sasa ndipo uangalie bando au umpigie mwenye laini.

Mtego mmoja unawanasa hata mafundi. Unaweza kusoma `Reply from 192.168.1.110: Destination host unreachable` ukafurahi kuona Reply. Soma namba. Ni ya kompyuta yako mwenyewe, inakujibu kwamba uliyemtafuta haonekani. Na alama ya dunia kwenye Windows nayo si hakimu. Inatokana na jaribio dogo la kuvuta faili la maandishi kutoka seva moja ya Microsoft, kwa hiyo jaribio likizuiwa njiani, itasema No internet huku kurasa zinafunguka.

Mama alinilipa, kisha akanikumbusha kwamba nimeshazungumza sana na watu wana foleni. Nami nilimwomba jambo moja tu. Siku nyingine asinipigie kusema mtandao hakuna. Aseme "kompyuta haina anwani", au "ruta naifikia, nje sifiki". Akicheka akaniambia, "Haya mwanangu, mtandao ukikata nitakuambia hivyo."