Ukurasa wa kutaipu unakula nini?

Je, wajua kwa nini duka la steshenari linaweza kujaa kazi za kutaipu na bado mwisho wa mwezi faida isionekane?

Mara nyingi ni kwa sababu kodi, mshahara na umeme vimegawanywa kwa kufuata mauzo, wakati mauzo siyo yanayovila.

Tuchukue duka la mfano. Kodi ni shilingi 200,000 kwa mwezi, kijana wa kaunta analipwa 240,000, na LUKU inameza 60,000. Jumla 500,000. Linatoa kopi 12,000 za shilingi 100 na kutaipu kurasa 300 za shilingi 1,000. Kutaipu ni sehemu ya tano ya mauzo, kwa hiyo mwenye duka anaitwisha kazi hiyo mzigo wa 100,000, yaani shilingi 333 kwa ukurasa. Ongeza 60 za karatasi na wino, anaona amebakiwa na zaidi ya 600. Raha tupu!

Sasa fuata shughuli yenyewe. Kijana ana saa 200 za kazi kwa mwezi, hivyo kila saa yake ni shilingi 1,200. Ukurasa mmoja wa kutaipu, pamoja na mteja kukaa pembeni akisahihisha, unachukua dakika 20. Kurasa 300 ni saa 100, sawa na 120,000. Meza ya kompyuta na kiti cha mteja vimeshika nusu ya chumba: 100,000 ya kodi. Umeme wa kompyuta, kwa kusoma uniti za LUKU mashine ya kopi ikiwa imezimwa, tuseme ni 15,000. Mzigo wa kutaipu unafika 235,000, au 783 kwa ukurasa. Ukitoa na zile 60, zinabaki shilingi 157.

Kopi nazo zina siri yake. Kinachomla kijana muda si idadi ya kurasa, ni idadi ya wateja: kupokea, kupanga karatasi, kutafuta chenji. Ikiwa kila mteja anachukua dakika 4, hizo ni shilingi 80 za mshahara. Anayetoa kopi moja ya kitambulisho cha NIDA analipa 100, na baada ya karatasi na wino hakuna kinachobaki cha kodi. Mwenye kitini cha kurasa 80 anatumia dakika zilezile, maana mashine ikishaanza kujivutia karatasi kijana anahudumia mwingine.

Wateja 1,200 wa kopi ni saa 80. Zile 20 zilizobaki kijana alikaa bure. Hizo 24,000 usizibandike kwenye huduma yoyote, la sivyo mwezi wa wateja wachache utakufanya upandishe bei na kuwafukuza waliobaki.

Dakika unazipata kwa daftari na saa ya ukutani, wiki moja ya kawaida, si ya mitihani. Ila usikimbilie kufuta kutaipu: kodi na mshahara vitabaki palepale. Jaribu kwanza 1,300 kwa kazi za mwandiko usiosomeka.