Dirisha jeusi kwenye mkutano wa video: kabla hujazima chochote, tazama weusi uko wapi

Kila wiki kuna mtu anayeniletea malalamiko haya. Kaingia mkutanoni, kabofya kitufe cha kuonyesha skrini, kachagua dirisha lake, kaanza kueleza. Baada ya muda mtu anamkatiza: "Samahani, sisi huku tunaona weusi tu." Yeye kwake anaona kila kitu. Jambo la kwanza linalomjia ni kulaumu mtandao, na la pili ni ushauri alioupata mahali fulani: zima uongezaji kasi kwa maunzi. Mtandao kwa kawaida hauhusiki kabisa. Huo ushauri wa pili ni sahihi kwa baadhi tu ya hali, na kwa nyingine unaifanya kompyuta iwe nzito bila faida.

Mtandao ukiwa dhaifu, picha huwa na ukungu, hugandaganda, au huchelewa. Haigeuki kuwa pembenne jeusi lenye kingo safi. Weusi wa namna hiyo umetoka kwenye kompyuta ya anayeonyesha: programu ya mkutano imeomba picha ya dirisha, ikapewa weusi, ikautuma weusi huo kwa uaminifu wote. Kuthibitisha ni rahisi. Unapobofya kitufe cha kuonyesha skrini, programu nyingi hukuletea orodha ya madirisha yenye vijipicha. Kama kijipicha cha dirisha lako ni cheusi hapo hapo, hakuna kilichotumwa bado, kwa hiyo acha ruta ipumzike.

Swali linalobaki ni kwa nini programu ya mkutano inapewa weusi wakati macho yako yanaona picha. Zamani kwenye Windows, programu ilichora dirisha lake kwenye eneo la kumbukumbu ambalo mfumo ulilijua, na programu nyingine ikitaka nakala ilikwenda kunakili hapo. Siku hizi vivinjari na programu nyingi za ofisi huipa kadi ya grafiki kazi ya uchoraji. Fremu iliyokamilika hukaa kwenye kumbukumbu ya kadi, kisha sehemu ya mfumo inayoitwa DWM huunganisha madirisha yote kuwa skrini moja. Huo ndio uongezaji kasi kwa maunzi. Programu ya kunasa, yaani inayochukua picha ya dirisha au skrini, ikiendelea kutumia njia ya zamani, inagonga mlango wa mtu aliyehama: eneo lipo, ukubwa wake ni sahihi, ila ndani hakuna kitu, na kitu kisichochorwa huonekana cheusi.

Windows ina njia mbili mpya za kunasa. Ya kwanza ilikuja na Windows 8 na hunakili skrini nzima kutoka kwenye kadi ya grafiki. Ya pili ilikuja na Windows 10, na inaweza kuchukua dirisha moja moja hata kama limechorwa na kadi. Ndiyo inayoweka ule mstari wa rangi kuzunguka dirisha linaloonyeshwa. Kwa hiyo dirisha moja likiwa jeusi lakini skrini nzima ikaonekana vizuri, shuku njia ya zamani ya kunasa. Sasisha programu ya mkutano kwanza. Baadhi ya programu hizo zina sehemu ya kuchagua njia ya kunasa kwenye mipangilio yake ya kushiriki skrini; jaribu njia nyingine hapo. Ikishindikana ndipo uzime uongezaji kasi kwenye programu inayoonyeshwa. Angalia vizuri: ni ile inayoonyeshwa, si ya mkutano. Kwenye Chrome, andika hivi kwenye sehemu ya anwani:

```
chrome://settings/system
```

Zima swichi ya kuongeza kasi ya grafiki, kisha bofya kitufe cha kuwasha upya. Bila kuwasha upya hakuna kilichobadilika, hata kama swichi inaonekana imezimwa. Na kabla ya yote hayo hakikisha dirisha halijapunguzwa hadi chini kwenye upau. Dirisha lililopunguzwa mara nyingi haliendelei kuchorwa, na watazamaji watapata weusi au picha iliyoganda.

Sasa kuna hali ya kinyume chake, na hii ndiyo inayowapotezea watu muda mwingi: dirisha moja linaonekana vizuri, skrini nzima ni nyeusi. Mkufunzi mmoja alikuja kwangu na laptopu ya namna hiyo. Alikuwa tayari amezima uongezaji kasi kwenye kivinjari, feni ikawa inavuma kila akicheza video, na weusi haukuondoka. Nilimwambia awashe tena, tukaanza upya.

Tulipiga kwanza picha ya skrini kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na Shift na S. Picha ikatoka vizuri, kwa hiyo hapakuwa na maudhui yaliyofungwa yasinaswe. Tukafungua orodha ya kushiriki: kijipicha cha skrini nzima kilikuwa cheusi, vya madirisha vilikuwa sawa. Kilichobaki ni kuuliza laptopu ina kadi ngapi za grafiki, na jibu lilikuwa mbili. Laptopu za aina hii zina kadi ndogo iliyo ndani ya prosesa, inayotumia umeme kidogo, na kadi kubwa ya pembeni kwa kazi nzito. Mara nyingi skrini ya laptopu yenyewe imeunganishwa na ile ndogo.

Ile njia ya kunakili skrini nzima ina sharti moja: programu inayonasa inatakiwa iwe inaendeshwa na kadi ileile inayomiliki skrini. Ikiendeshwa na kadi nyingine, mfumo unakataa ombi, na programu isipojua la kufanya inaonyesha weusi. Tulifungua Settings, System, Display, kisha Advanced display. Pale imeandikwa skrini imeunganishwa na kadi gani. Ya kwake ilikuwa kwenye kadi ndogo. Kisha tukafungua Task Manager na kuongeza safu ya GPU engine kwenye orodha ya programu. Mkutano ukiwa unaendelea, programu yake ilikuwa inatumia GPU 1, yaani ile kubwa, na kadi ndogo ilikuwa GPU 0. Chanzo kikajulikana: kuna aliyemshauri kuiwekea programu ya mkutano kadi kubwa ili video iwe laini.

Marekebisho yalikuwa mafupi. Settings, System, Display, Graphics, tafuta programu ya mkutano, fungua Options, chagua Power saving. Kisha funga programu kabisa, pamoja na ile alama inayobaki kwenye kona ya saa, kwa sababu kubofya alama ya X mara nyingi kunaificha tu. Tulipoifungua tena, skrini nzima ikaonekana, na uongezaji kasi wa kivinjari ukabaki umewashwa.

Dawa hiyo ina mpaka wake. Kwenye laptopu nyingi, tundu la HDMI limeunganishwa na kadi kubwa. Ukichomeka skrini ya nje, una skrini mbili zinazomilikiwa na kadi mbili tofauti, na programu iliyowekwa kwenye kadi ndogo inaweza kuonyesha skrini ya laptopu vizuri ikashindwa ile ya nje. Hapo nashauri uonyeshe dirisha badala ya skrini nzima. Ni salama zaidi hata kwa sababu nyingine: ujumbe wa mtu hautatokeza katikati ya maelezo yako.

Weusi mwingine ni wa makusudi. Windows humpa mtengenezaji wa programu amri ya kuzuia dirisha lake lisinaswe, na tangu Windows 10 toleo la 2004 anaweza hata kuliondoa kabisa kwenye picha, mtazamaji akaona kilicho nyuma yake. Filamu za kulipia zenye ulinzi wa hakimiliki nazo hutoa pembenne jeusi, huku ukurasa unaozizunguka ukionekana vizuri. Utazitambua kwa ile picha ya skrini: nayo itakuwa nyeusi mahali palepale. Hapo usihangaike na draiva wala kadi, mfumo unafanya kazi ulivyoagizwa.

Kwenye Mac hadithi ni nyingine, kwa sababu kinachokosekana mara nyingi ni ruhusa. Tangu macOS Catalina ya mwaka 2019, programu haiwezi kunasa madirisha ya programu nyingine mpaka mtumiaji aikubalie. Dalili yake haifanani na ile ya kadi za grafiki: watazamaji wanaweza kuona picha ya mandharinyuma ya skrini na upau wa juu, lakini madirisha hayapo, kana kwamba hujafungua kitu. Fungua System Settings, Privacy & Security, kisha sehemu yenye jina linaloanza na Screen, uwashe swichi ya programu ya mkutano. Kama mkutano unaendeshwa ndani ya kivinjari, ruhusa inatolewa kwa kivinjari. Tovuti ya mkutano haitaonekana kwenye orodha hiyo hata ukiitafuta. Mfumo utakuambia programu ifungwe na kufunguliwa upya. Watu wengi hubofya Later kwa kuwa wamo mkutanoni, kisha wanashangaa mbona bado.

Kuna wakati swichi inaonekana imewashwa na bado hakuna kitu, hasa baada ya programu kusasishwa au kuhamishwa kutoka Mac nyingine. Iondoe kwenye orodha kwa alama ya kutoa, kisha uiongeze upya. Ikigoma, futa ruhusa zote za kunasa skrini kwenye Terminal, ukijua kwamba kila programu itaomba upya:

```
tccutil reset ScreenCapture
```

Kwa wanaosimamia kompyuta za ofisi: ruhusa hii huwezi kuitoa kwa niaba ya mtumiaji kutoka mbali. Unaweza kuikataza, au kumruhusu mtumiaji asiye msimamizi aiwashe mwenyewe, basi. Kwa hiyo iwekeni kwenye maelekezo ya siku ya kwanza ya kazi, msisubiri mkutano wa wateja.

Linux naigusa kwa ufupi, maana swali lake ni moja. Andika kwenye terminal:

```
echo $XDG_SESSION_TYPE
```

Jibu likiwa `wayland`, maana yake madirisha yako yanasimamiwa na mfumo mpya wa Wayland, na programu iliyoandikwa kwa mfumo wa zamani wa X11 haioni madirisha ya wenzake, na hupata weusi kwa sababu ya usanifu, si hitilafu. Kunasa kunapita kwenye xdg-desktop-portal, sehemu ya mfumo inayopokea ombi na kukuomba ruhusa, na PipeWire, inayosafirisha picha, na alama ya kwamba njia hiyo inatumika ni kidirisha cha mfumo wenyewe kinachokuuliza unataka kuonyesha nini. Kidirisha hicho kisipotokea, programu yako inatumia njia ya zamani, au portal ya mazingira yako ya eneo-kazi haijasakinishwa. Kuingia kwenye mkutano huohuo kupitia kivinjari kipya mara nyingi kunatosha.