Pango lililojificha: kusuluhisha faida ya hesabu za gharama na faida ya hesabu za fedha

Kiwanda kimoja cha kusaga unga wa mahindi huko Iganga, Uganda, kilifunga mwaka Desemba 31 kikiwa na faida mbili. Leja ya gharama ilionyesha shilingi milioni 148. Hesabu za fedha, zile zinazopelekwa kwa mkaguzi na benki, zilionyesha milioni 101.5 kabla ya kodi. Mwenye kiwanda, Hajji, aliuliza swali ambalo kila mwenye mali angeuliza: "Sasa hizo milioni 46.5 nani kazila?"

Mara nyingi hazijaliwa na mtu. Vitabu viwili vinapima kazi ile ile kwa kanuni tofauti, na kazi yangu ni kutaja kila tofauti kwa jina na kwa kiasi. Baadhi huonekana papo hapo. Kiwanda kililipa riba ya mkopo milioni 18, na leja ya gharama haikuigusa kwa sababu riba haisagi mahindi. Kiliuza lori kuukuu kikapata faida ya milioni 6, nayo haihusu unga. Basi toa 18, ongeza 6. Hapo hakuna mjadala.

Mjadala uko kwenye gharama za jumla za kiwanda: mishahara ya wasimamizi, bima, ulinzi, uchakavu wa mashine, matengenezo. Mwanzoni mwa mwaka mhasibu wa gharama alizikadiria kuwa milioni 300, akazigawa kwa tani 5,000 za unga, ambazo ndizo uwezo wa kawaida wa kiwanda. Kila tani ikabebeshwa shilingi 60,000. Lakini umeme ulikatika sana mwaka huo na tani zilizotoka zikawa 4,200 tu. Kwa hiyo leja ya gharama ilibebesha unga milioni 252. Hesabu za fedha ziliandika kilichotumika kweli: milioni 278. Tofauti ni milioni 26.

Wengi wangeandika hapo "gharama ambazo hazikubebwa, milioni 26" wakaendelea mbele. Hesabu ingefunga, lakini maelezo yangekuwa ya uongo.

Ndani ya makadirio ya milioni 300 mlikuwa na milioni 25 za pango la jengo. Jengo ni la Hajji mwenyewe, halipangiwi na mtu. Mhasibu wa gharama aliliweka pango hilo la kitabuni ili bei ya unga ilinganishwe kwa haki na ya wasagaji waliopanga. Hajji hakupendezwa: "Nijilipe pango kwenye nyumba yangu?" Kwa kupanga bei, mimi naona lina mantiki, maana jengo hilo angeweza kulikodisha. Kwenye hesabu za fedha halina nafasi, kwa kuwa hakuna shilingi iliyotoka wala deni lililozaliwa.

Kati ya shilingi 60,000 za kila tani, basi, 5,000 ni pango na 55,000 ni gharama halisi. Kwa tani 4,200, pango lililobebeshwa ni milioni 21. Hizo ni gharama ambazo hesabu za fedha hazizijui, kwa hiyo zirudishwe kwenye faida. Gharama halisi zilizobebeshwa ni milioni 231 tu, dhidi ya 278 zilizotumika. Pengo la kweli ni milioni 47. Pango la milioni 21 lilikuwa limeziba sehemu yake, ndiyo maana tuliona 26.

Hizo 47 nazo zinagawanyika. Tani 800 zisizosagwa, kwa shilingi 55,000 kila moja, ni milioni 44: hiyo ni hasara ya mashine kukaa kimya. Milioni 3 zilizobaki ni matumizi kupita makadirio ya milioni 275, na risiti za fundi wa mashine ya kukoboa zilizieleza zote. Hajji aliyedhani mafundi wamemkausha aliona mwenyewe kwamba tatizo lake ni umeme.

Kabla ya kufanya haya yote, muulize mhasibu wa gharama swali moja: pengo la gharama ulilimalizia wapi? Huyu alikuwa amelisogeza mwaka unaofuata, ndiyo maana faida yake haikuguswa. Angekuwa amelifuta kwenye faida na hasara ya leja yake mwenyewe, marekebisho ya 47 na 21 yangetoweka, na mahali pake ungebaki na kitu kimoja tu: kurudisha pango lote la milioni 25. Ukirekebisha bila kuuliza, utatoa pengo mara mbili.

Pango lina maficho mengine, nayo ni ghala. Unga uliobaki bila kuuzwa kwenye leja ya gharama umebeba shilingi 5,000 za pango kwa kila tani, ilhali kiwango cha kimataifa IAS 2 hakiruhusu kuweka kwenye thamani ya bidhaa gharama ambayo haikutokea. Mwisho wa mwaka zilibaki tani 500, kwa hiyo leja ya gharama ilizidisha thamani kwa milioni 2.5. Bidhaa za mwisho zikithaminiwa juu, faida hupanda, basi toa 2.5. Mwanzo wa mwaka zilikuwepo tani 300, zimezidishwa milioni 1.5. Hizi hufanya kinyume: zinaingia kama gharama za mwaka huu na kushusha faida, basi ongeza 1.5. Hapa ndipo alama hugeuzwa kimakosa kuliko mahali pengine popote. Ukiona tofauti iliyobaki ni maradufu ya marekebisho fulani, anza kwa kuangalia alama yake.

Nikajumlisha: 148, toa 47, ongeza 21, toa 2.5, ongeza 1.5, toa 18, ongeza 6. Jibu milioni 109. Hesabu za fedha zinasema 101.5. Zimebaki milioni 7.5 bila jina.

Namba iliyobaki huwa naigawa kwa bei. Mahindi yalikuwa yameingizwa kwa shilingi 1,000 kwa kilo. Milioni 7.5 ni kilo 7,500, yaani magunia 75 ya kilo mia. Idadi nzima namna hiyo ilinipeleka stoo. Mtunza stoo alisema bila kusita: "Si yale yaliyoota ukungu tukayateketeza?" Yalipimwa, yakakutwa na sumukuvu. Barua ya kuyafuta ilifika kwa mhasibu wa fedha, akayaandika hasara. Hati ya kuyatoa stoo haikujazwa, kwa hiyo kwenye leja ya gharama magunia bado yalikuwa yamesimama ghalani.

Hili haliingii kwenye taarifa ya usuluhishi. Pango ni tofauti ya kanuni na litarudi kila mwaka. Magunia ni kosa, na kosa husahihishwa kwenye leja lilipo. Faida ya gharama ikashuka hadi 140.5, kisha taarifa ikasomeka hivi, kwa milioni:

Faida ya hesabu za gharama, iliyosahihishwa: 140.5
Toa gharama halisi zisizobebwa: 47.0
Ongeza pango la kitabuni: 21.0
Toa pango katika unga wa mwisho: 2.5
Ongeza pango katika unga wa mwanzo: 1.5
Toa riba ya mkopo: 18.0
Ongeza faida ya kuuza lori: 6.0
Faida ya hesabu za fedha: 101.5

Faida hii nayo siyo ya kuzidishia asilimia 30 za URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Kodi ina hesabu yake: uchakavu wa vitabuni hurudishwa, na mahali pake huwekwa punguzo la uchakavu kwa viwango vya sheria.

Hajji alitaka mwaka ujao milioni 300 zigawiwe kwa tani 4,200 ili pengo lisitokee tena. Nilimkatalia. Tani moja ingebeba zaidi ya shilingi 71,000, na hasara ya umeme ingehamia kwenye bei ya unga, mahali ambapo yeye haioni lakini mteja wake ataiona. Tani zikibaki 4,200 miaka kadhaa mfululizo, hapo tutakubali kwamba huo ndio uwezo wa kawaida, na kiwango kitabadilishwa.