Kikomo cha nauli ya siku, na gharama ya kushuka bila kugusisha kadi

Konda wa daladala ya Mikindani huenda anakujua kwa sura, pengine hata jina la mwanao analijua. Asichokijua ni kwamba leo umeshalipa nauli mara ngapi. Ukipanda mara ya tano atakudai kama alivyokudai alfajiri, na hana kosa, maana kila safari kwake ni biashara mpya. Kadi ya nauli inabadilisha jambo hilo moja tu: inakumbuka. Ikishakumbuka, mwenye mfumo anaweza kuamua kwamba abiria akifika kiasi fulani kwa siku, basi, asikatwe tena hata akizunguka mji mpaka usiku. Kiasi hicho ndicho tunachokiita kikomo cha nauli.

London walianza kutumia kadi yao ya Oyster mwaka 2003 na kikomo cha siku kikaja 2005. Kwenye mabasi ya huko hesabu ni nyepesi. Mwaka 2025 nauli ya basi ilikuwa pauni 1.75 popote uendako, na kikomo cha siku kwa anayepanda mabasi tu kilikuwa pauni 5.25. Gawanya utaona ni nauli tatu. Ya nne na zinazofuata hukatwi. Kwa kuwa nauli ni moja, abiria hugusisha kadi kwenye mashine anapopanda, akishuka anaondoka zake.

Ugumu unaanza pale nauli inapotegemea umbali, kama ilivyo kwenye treni za mji huo. Hapo mashine lazima ijue ulipoingilia na ulipotokea, ndiyo maana unagusisha kadi mara mbili. Wanafunzi wetu wa usafirishaji hapa Mtwara hujikwaa hapo, kwa hiyo tuchukue mfano wa nyumbani. Viwango nitakavyovitaja nimevitunga kwa ajili ya hesabu tu, msije mkavidai stendi.

Tuseme safari fupi mjini ni shilingi 500, ya Mikindani na mjini ni 1,000, na kikomo cha siku ni 2,500. Mama mmoja muuza samaki anatoka Mikindani saa 12 asubuhi kwenda Feri, anakatwa 1,000. Anatoka Feri na ndoo yake kwenda sokoni, 500. Mchana anamtazama mgonjwa Ligula, 500 nyingine. Mpaka hapo ameshalipa 2,000. Jioni anapanda gari la kurudi Mikindani, safari ya 1,000, lakini mashine inamkata 500 tu kwa sababu ndizo zilizobaki kufikia kikomo. Usiku kuna msiba vituo vichache mbele, anakwenda na kurudi, na mara zote mbili mashine inasoma sifuri. Bila kikomo angelipa 4,000. Amelipa 2,500.

Angalia kwamba hakununua tiketi ya siku. Tiketi ya siku unailipia asubuhi, halafu mgonjwa akipata nafuu au samaki wakikosekana unabaki nayo mkononi. Hapa amelipa kidogo kidogo kadiri alivyosafiri, na angesafiri mara moja tu angelipa 1,000 yake ikaishia hapo.

Sasa turudie siku ileile na kosa moja. Alipofika sokoni kutoka Feri mikono ilikuwa imejaa, akashuka bila kugusisha kadi. Mashine inajua alipandia Feri, haijui alishukia wapi. Inaweza kuwa sokoni, inaweza kuwa mwisho wa njia. Kwa kuwa haijui, inamkata nauli ya juu kabisa, tuseme 1,500. Hiyo ni adhabu ya kwanza, na watu wengi huiona. Ya pili imejificha: kwa utaratibu wa London, nauli hiyo ya adhabu haihesabiwi kwenye kikomo. Inakaa pembeni. Kwa hiyo kwenye hesabu ya kikomo mama ana 1,000 ya asubuhi, 500 ya Ligula, na 1,000 ya kurudi nyumbani, ambayo sasa anakatwa yote. Ndipo anafika 2,500. Safari mbili za msibani bado ni bure. Jumlisha na zile 1,500 za pembeni: 4,000. Kiasi kilekile ambacho angelipa kama kikomo kisingekuwepo. Mguso mmoja aliousahau umekula nafuu yote ya siku.

Ataligunduaje? Kwanza pale pale mlangoni. Mashine za London zikipokea kadi huwaka kijani na kulia mara moja. Zikikataa huwaka nyekundu na kulia mara mbili. Anayepita kwa haraka husikia mlio akadhani mambo yamekwisha, kumbe ilikuwa milio miwili. Pili ni kwenye taarifa ya safari: utaona mstari una kituo cha kuingilia na hauna cha kutokea, na pembeni yake nauli isiyofanana na siku zako nyingine. Huo ndio mstari wa kuulalamikia, na mwenye mfumo anaweza kuusahihisha na kurudisha tofauti. Kulalamika tu kwamba "kadi inakula hela" hakumsaidii mtu wa dirishani.

Kuna kosa jingine linalofanywa na watu waangalifu kabisa. Asubuhi mtu anagusisha kadi yake ya benki, mchana chaji ipo anagusisha simu iliyounganishwa na kadi hiyohiyo. Akaunti ni moja, hela zinatoka mfuko mmoja, lakini simu hujitambulisha kwa namba yake tofauti na ile ya kadi. Mashine inaona abiria wawili, na kila mmoja ana kikomo chake cha kuanza kujaza upya. Ulichoanza nacho asubuhi maliza nacho usiku. Na usiku wenyewe una mpaka wake: London siku ya nauli inaanza saa 10:30 alfajiri, siyo saa 6 usiku, ili anayetoka zamu saa 8 usiku ahesabiwe bado yumo kwenye siku aliyoianza.

Swali ambalo madereva hutuuliza kabla ya abiria ni hili: ile safari ya sifuri, gari linakula nini? Ni swali zuri kuliko yote. Daladala inaendeshwa kwa hesabu ya tajiri. Dereva aliyembeba yule mama kwenda msibani ametumia mafuta yaleyale, na hana cha kumpelekea bosi, wakati mwenzake wa asubuhi amepata 1,000 kamili. Kikomo kikiwekwa juu ya utaratibu huo, gari za jioni zitawakimbia abiria wa sifuri kama zinavyowakimbia wanafunzi. Mabasi ya London hayakumbani na hilo kwa sababu nauli zote huingia kwenye mfuko wa mamlaka ya usafiri, na kampuni zenye mabasi hulipwa kwa mkataba wa kuhudumia njia. Dereva wa huko hajali mashine imekata ngapi. Kwa hiyo wenye magari wa Mtwara wakiletewa mashine za kadi, kabla ya kuuliza bei ya mashine waulize hela ikishakatwa inaingia mfuko wa nani, na safari ya sifuri inalipwa na nani.