Mchoro upi wa mtoto umepiga hatua kubwa zaidi?

Mwisho wa muhula, mzazi wa Lindi anafungua bahasha yenye michoro mitano ya mtoto wa darasa la awali. Akiulizwa upi unaonyesha maendeleo makubwa, mara nyingi huchukua ule wenye bahari ya buluu, mnazi na ngalawa. Hapo amejibu swali jingine, la upi unapendeza. Maendeleo hupimwa kwa umbali kati ya mchoro mmoja na uliotangulia, na huo umbali rangi huuficha.

Kwanza michoro iwe inalinganishika. Mchoro wa mtu na mchoro wa nyumba haviwekwi kwenye mizani moja. Kila mwezi mpe mtoto kazi ileile, "chora mtu mzima", kwa karatasi ya A4, penseli iliyochongwa, meza ya kuandikia na dakika kama 10, bila mtu kumwelekeza. Mwalimu aandike tarehe nyuma ya karatasi siku hiyohiyo, maana baada ya wiki mbili hakuna atakayekumbuka upi ulitangulia.

Kisha hesabu viungo. Njia hii ni ya zamani: Florence Goodenough, mwanasaikolojia wa Marekani, aliitolea kipimo chenye pointi 51 mwaka 1926. Kipimo chake kilikusudiwa kupima akili, na hilo nyumbani tuliache, kwa sababu mchoro hubeba pia mazoea ya mkono na hamu ya siku ile. Tunachoazima ni kuhesabu tu. Kila aina ya kiungo ipate alama moja, hata kama mtoto amechora vidole kumi na vinne. Ukihesabu kidole kimoja kimoja, mchoro wa vidole vingi utashinda bure.

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka minne na nusu. Februari alichora duara lenye macho mawili na miguu miwili inayotoka moja kwa moja kichwani, mithili ya kiluwiluwi. Hayo si makosa, watoto wengi hupitia hapo. Alama 3: kichwa, macho, miguu. Machi aliongeza mdomo, na mikono ikachomoza pale masikio yanapokaa. Alama 5. Aprili mdomo ukatoweka na mistari ikatetemeka, zikabaki 4. Mei mdomo ukarudi, na duara la pili likatokea chini ya kichwa: kiwiliwili. Mikono ikahamia huko, ikapata vidole, na miguu ikapata nyayo. Alama 8. Juni akaongeza nywele, zikawa 9, na safari hii alipewa krayoni, ndipo bahari na mnazi vikaingia.

Kwa hesabu ya haraka, Mei imeipita Aprili kwa alama 4. Lakini ya Aprili ilichorwa mtoto akiwa ameweka karatasi mapajani, na penseli ilikuwa kipande kifupi kilichokatika ncha. Kuilinganisha Mei na mchoro ulioharibiwa na mazingira ni kuipandisha bila haki, kwa hiyo rudi Machi: tofauti ni 3. Bado ndiyo kubwa kuliko zote, kwani Machi iliipita Februari kwa 2 na Juni iliipita Mei kwa 1 tu. Tena alama hazisemi yote. Mikono kuhama kutoka kichwani kwenda kiwiliwilini hakukuongeza hata alama moja, ilhali ndicho kitu kizito zaidi katika bahasha nzima: mtoto ameanza kupanga mwili kwa jinsi sehemu zinavyoungana, si kutaja sehemu tu.

Mnazi wa Juni nao uchunguzwe. Ukiona mnazi uleule, umepinda upande uleule, kwenye karatasi za watoto sita wa darasa moja, umenakiliwa ubaoni. Dalili nyingine ni mistari ya mnazi kuwa imara huku ya mtu aliye pembeni yake ikiyumba. Mwombe mtoto achore mnazi siku nyingine, ubao ukiwa umefutwa. Kama ni wake, utarudi, hata ukiwa umepinda vibaya.

Kipimo hichohicho kitumike kwa kiwiliwili cha Mei. Watoto hawapandi ngazi moja kwa moja, na siku moja ya bahati, au dada mkubwa aliyeshika mkono wa mdogo wake, huweza kutoa mchoro usio na mfuatano. Kwa hiyo kabla ya kuichagua Mei, iangalie Juni kwa kuruka rangi zote na kumtazama mtu peke yake. Kiwiliwili kipo, na mikono bado inatoka hapo. Kisingekuwepo, uamuzi ungesubiri mchoro wa Julai.