Sarafu tatu, hatari moja: pima pozisheni zako kwa pamoja

Wafanyabiashara wengi wa sarafu za kidijitali huweka kikomo cha hasara kwa kila pozisheni, wakaamini kwamba wamejilinda. Tumchukulie mtu mwenye dola 1,000 za dhamana katika jukwaa la biashara. Kwa mkopo wa jukwaa amefungua pozisheni tatu za kununua: Bitcoin ya dola 1,000, Ether ya dola 800 na Solana ya dola 600. Kila moja ameiwekea kikomo cha hasara cha dola 50 hivi, yaani asilimia 5 ya akaunti. Ukizitazama moja moja, huoni tatizo.

Swali la kujiuliza ni hili: Bitcoin ikishuka, hizo nyingine hufanya nini? Jibu lipo kwenye takwimu za bei. Chukua bei za kufunga siku za siku 91 zilizopita, za saa ileile kwa sarafu zote, kisha kokotoa badiliko la kila siku kwa asilimia. Usitumie bei zenyewe. Sarafu mbili zilizopanda msimu mmoja zitaonekana zimeshikamana hata kama kila siku zilikwenda kivyake. Mabadiliko ya Bitcoin yakiwa safu ya B na ya Solana safu ya C, andika kwenye jedwali la Excel:

```
=CORREL(C2:C91,B2:B91)
=SLOPE(C2:C91,B2:B91)
```

Jibu la kwanza linaonyesha sarafu hizo zinafuatana kwa kiasi gani. Likikaribia 1, zinatembea pamoja. La pili ndilo beta: Bitcoin ikisogea asilimia 1, Solana husogea asilimia ngapi kwa wastani.

Tuseme beta ya Ether imetoka 1.3 na ya Solana 1.6. Zidisha kila pozisheni kwa beta yake. Ether ya dola 800 inabeba uzito wa dola 1,040 za Bitcoin, na Solana ya dola 600 inabeba 960. Ukijumlisha na ile Bitcoin yenyewe unapata dola 3,000. Huyu mtu hana biashara tatu. Ana biashara moja ya Bitcoin, kubwa mara tatu ya akaunti yake. Bitcoin ikishuka asilimia 5, vikomo vyote vitatu vinaguswa karibu kwa wakati mmoja na dola 150 zinaondoka. Kama sarafu hizo zingekuwa hazihusiani kabisa, hasara za dola 50 kila moja zingeinuliwa kwa kipeo cha pili na kujumlishwa, kisha kipeuo cha pili cha jumla hiyo kingetoa hatari ya dola 87 hivi. Uhusiano ukiwa 0.8 kati ya kila mbili, inafika dola 140. Kwa hiyo kuongeza idadi ya sarafu kumempunguzia hatari kidogo sana.

Tena hizo ni hesabu za siku za kawaida. Soko likiporomoka, uhusiano hupanda, kwa sababu wanaolazimika kufidia dhamana huuza chochote kinachouzika. Tarehe 12 Machi 2020 Bitcoin na Ether zote zilipoteza zaidi ya theluthi ya thamani yake ndani ya siku moja. Theluthi ya dola 3,000 ni dola 1,000, akaunti nzima, na jukwaa lingezifunga pozisheni kwa lazima kabla ya hapo. Ndiyo maana nasisitiza hesabu ifanywe mara ya pili kwa kuchukulia uhusiano ni 1. Kagua na dhamana pia: kama imewekwa kwa Ether badala ya dola, inaongeza uzito wa 1,300 na jumla inakuwa dola 4,300.

Wapo wanaojaribu kujikinga kwa kufungua pozisheni ya kuuza sarafu nyingine. Dogecoin ya dola 400 yenye beta ya 1.5 ingeondoa 600 kwenye jumla, ibaki 2,400. Kinga hiyo hufaa maadamu uhusiano unashika. Kati ya 14 Aprili na 8 Mei 2021 Bitcoin ilishuka kutoka kilele chake cha karibu dola 64,000, ilhali Dogecoin ilipanda zaidi ya mara tatu. Aliyeuza Dogecoin ya dola 400 mwanzoni angepoteza zaidi ya dola 800 kwenye kinga yenyewe, huku sarafu alizonunua nazo zikiwa hatarini.

Mimi hushauri kupunguza ukubwa. Kama mtu huyu kweli hataki kupoteza zaidi ya dola 50 Bitcoin inaposhuka asilimia 5, jumla ya uzito wake isizidi dola 1,000. Anaweza kubaki na sarafu zote tatu, lakini kila pozisheni aikate hadi theluthi: Bitcoin dola 333, Ether 267, Solana 200. Na kabla ya kufungua ya nne, aizidishe kwa beta yake kwanza aone jumla inafika wapi.