Lita ya mazutu si kilo

"Lori limeshusha lita 5000 za mazutu hapa Lubumbashi. Si niandike kilo 5000 kwenye faktire?"

Hapana, ndugu. Hesabu hiyo ni ya maji. Mazutu ni mepesi: lita moja ina kilo 0.82 hadi 0.845 hivi, kwa joto la digrii 15. Kama cheti cha mzigo kinasema 0.835, zidisha: 5000 × 0.835 = kilo 4175.

Lakini hapa ndipo wengi hukosea. Mchana mazutu yakifika digrii 30, yamevimba. Kila digrii hupunguza 0.0007 hivi, kwa hiyo unabaki na 0.8245, yaani kilo 4122. Zile 53 hazikuibwa. Pima joto ndani ya tangi kabla ya kumgombeza dereva.